Kilindi cha Pemba kina hewa, kilindi cha Ziwa Tanganyika hakina: kwa nini?



Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Pemba ambaye kwa sasa anaishi na familia yake Kitete, Tabora, ametuletea swali lililoanzia kwa mtoto wake wa sekondari. Mtoto amefundishwa kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu kilomita moja na nusu, lakini ukishapita mita mia au mia mbili kutoka juu hakuna tena hewa ya oksijeni wala samaki. Akamuuliza baba yake: ikiwa ziwa limekufa chini namna hiyo, itakuwaje bahari ya kwetu Pemba, ambayo ina kina zaidi? Baba hakuwa na jibu. Akaongeza na swali lake mwenyewe kuhusu video inayozunguka kwenye simu, inayosema kuwa maji ya bahari mbili hukutana wala hayachanganyiki.

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni uzito wa maji. Tutaanza na ziwa, kwa kuwa ndilo lililo jirani na aliyeuliza, kisha twende baharini.

Dagaa na migebuka wanaofika sokoni Tabora kwa reli ya Kigoma wote wamevuliwa katika tabaka la juu la ziwa. Tabaka hilo lina joto la nyuzi 25 hadi 28 za selsiasi kutegemea msimu. Chini kabisa joto ni nyuzi 23 na kidogo. Mtu atasema tofauti hiyo ni ndogo, na kwa mkono hutaihisi sana, lakini inatosha. Maji ya juu yenye joto ni mepesi na yanaelea juu ya yale ya chini kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Upepo wa kusi unapovuma kuanzia Mei hadi Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini mwa ziwa, na kule kusini maji ya chini kidogo hupanda kuziba pengo. Huo ndio wakati ziwa linachanganyika vizuri zaidi, na hata hivyo oksijeni haishuki zaidi ya mita 200 hivi upande wa kusini, na upande wa kaskazini hufika mita mia moja tu au karibu yake. Chini ya hapo, kila kiumbe kinachokufa juu na kuzama kinaozea humo, na kuoza kunakula oksijeni yote iliyokuwepo. Kinachobaki ni maji yenye gesi inayonuka kama yai bovu.

Ziwa halina baridi ya kutosha mahali popote pembezoni mwake ya kuyafanya maji ya juu yawe mazito kuliko ya chini. Wala halina chumvi ya kusaidia kazi hiyo. Basi hakuna kinachoshuka.

Chumvi ina uzito gani katika jambo hili? Tabora yenyewe inaweza kutupa mfano. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na mbele ya Tabora ilifika Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, ambako kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu wa huko waliyachemsha maji hayo na chumvi yake ikauzwa mbali katika njia hiyo. Maji ya chemchemi namna hiyo ni mazito kuliko ya mto, na unaweza kuliona hilo jikoni bila kwenda Uvinza. Jaza maji ya kawaida nusu ya chupa pana ya kioo. Katika kikombe kingine cha robo lita, koroga nusu kijiko cha kulia cha chumvi pamoja na rozela kidogo ili maji yapate wekundu. Hiyo ni chumvi kiasi kile kile kilichomo katika bahari yetu, yaani gramu 35 hivi katika kila lita. Sasa mimina maji mekundu polepole kwa kuyateremsha ubavuni mwa chupa. Yatapita chini ya yale meupe na kutulia huko kama zulia. Ukiondoka ukarudi baada ya saa kadhaa, utakuta ukingo kati yao umeanza kufifia. Tuuweke akilini ukingo huo, tutaurudia.

Sasa twende baharini. Mwaka 2012 kampuni za kutafuta gesi zilichimba kisima cha Zafarani mbele ya pwani ya kusini mwa Tanzania, mahali ambapo bahari ina kina cha karibu mita 2,600. Juu ya maji hayo jua ni lile lile la Mafia na Mtwara, na maji ya juu ni vuguvugu kiasi kwamba mtu anaoga bila kusita. Chini, penye sakafu ya bahari, joto ni nyuzi mbili hivi. Ni baridi kuliko maji mengi yanayotoka kwenye friji za nyumbani. Hakuna usiku wala msimu katika Tanzania nzima unaoweza kuyapoza maji ya bahari kufika hapo. Kwa hiyo maji yale hayakupozwa hapa. Yameletwa.

Jambo hili lilianza kujulikana zamani. Mwaka 1751 nahodha Mwingereza aitwaye Henry Ellis, ambaye meli yake ilikuwa ya kubeba watumwa, aliteremsha ndoo yenye vilango katika Atlantiki ya joto mpaka zaidi ya kilomita moja na nusu, akapandisha maji ya baridi. Alichokiona yeye kilikuwa faida ya kupoza vinywaji melini. Miaka karibu hamsini baadaye, mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Rumford, alieleza maana yake: maji baridi yaliyo chini ya nchi za joto hayawezi kutoka popote isipokuwa kwenye ncha za dunia, yakitambaa chini huku maji ya joto yakielekea huko kwa juu.

Maji ya chini kabisa ya Bahari ya Hindi yanatengenezwa pembezoni mwa Antaktika. Pepo kali za baridi hushuka kutoka juu ya barafu ya bara lile na kuvuma kuelekea baharini. Maji ya bahari kwa sababu ya chumvi yake hayagandi kwa nyuzi sifuri, huganda yakifika karibu nyuzi mbili chini ya sifuri. Yanapoganda, barafu haiibebi chumvi yote. Sehemu kubwa hutemwa nje, na maji yaliyobaki chini ya barafu huwa na chumvi zaidi. Upepo nao huisukuma barafu mpya mbali na pwani, maji yanabaki wazi, yanaganda tena, yanatema chumvi tena, na kazi hiyo inaendelea majira yote ya baridi. Mwishowe yanakuwa mazito kuliko yote yaliyo karibu nayo, yanateremka kwenye mteremko wa bara na kwenda sakafuni. Na kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi, karibu mara mbili ya maji ya joto ya kwetu, yanashuka na hewa yake ndani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Baridi na chumvi haziongezi uzito kwa kipimo kimoja kila mahali. Katika maji ya nyuzi 28 kama ya Unguja, kushusha joto kwa nyuzi moja kunaongeza gramu 300 hivi katika kila mita ya ujazo ya maji. Katika maji yaliyo karibu kuganda, nyuzi moja inaongeza gramu 50 hivi tu. Chumvi haibadiliki namna hiyo: ukiongeza gramu moja katika kila kilo ya maji, uzito unapanda kwa gramu 800 hivi, huku kwetu na huko Antaktika. Kwa hiyo kwenye baridi kali, baridi pekee inachoka, na chumvi iliyotemwa na barafu ndiyo inayoamua maji yapi yatazama. Ndiyo maana pia maji matamu yakimwagika huko, ya mvua au ya barafu iliyoyeyuka kutoka nchi kavu, yanaweza kuzuia kuzama hata kama baridi iko pale pale.

Kutoka Antaktika mpaka kwetu ni safari ya kilomita zisizopungua 7,000, na haiendi moja kwa moja. Sakafu ya bahari ina milima mirefu na mabonde, na maji mazito hupita kwenye mabonde kama mto unavyotafuta njia. Yanapenya mapengo ya safu ya milima iliyo kusini mwa Bukini, yanapanda upande wa mashariki wa kisiwa hicho, kisha yanafika kwenye mlango uitwao Amirante, kati ya visiwa vya Shelisheli na Bukini. Mlango huo ndio njia kuu ya maji ya chini kabisa kuingia katika bonde la bahari lililo mbele ya Tanzania, Kenya na Somalia. Waliopima pale wanakadiria kuwa hupita mita za ujazo milioni moja hadi mbili hivi kila sekunde. Ukichukua Mto Rufiji kwa wastani wake wa mwaka, unahitaji kama mito elfu moja hadi elfu mbili ya aina hiyo kufikia kiasi hicho.

Lakini mwendo wake ni wa taratibu mno. Penye milango myembamba mkondo unaweza kwenda sentimita kadhaa kwa sekunde. Sehemu kubwa ya njia ni chini ya hapo. Tuchukue sentimita moja kwa sekunde, tulinganishe na njia ya Tabora. Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na wapagazi walikuwa na mizigo kichwani, mvua na maradhi njiani. Maji yanayokwenda sentimita moja kwa sekunde hupita mita 864 kwa siku. Njia ile ile ya kilomita 840 hivi yangeimaliza kwa siku zaidi ya 970, yaani miaka miwili na miezi minane. Kutoka Antaktika kwa mwendo huo ingekuwa kama miaka 22 tu, kama yangenyoosha. Hayanyooshi. Yanazunguka katika kila bonde, yanachanganyika na ya jirani, mengine yanarudi nyuma. Vipimo vya kaboni ya mionzi, ile ile wanayotumia wanaakiolojia kujua umri wa mkaa wa kale, vinaonyesha kuwa maji ya vilindi vya Bahari ya Hindi yameachana na hewa ya juu kwa mamia ya miaka. Katika safari hiyo oksijeni inapungua, kwa kuwa viumbe wanaitumia na vinavyooza vinaila, lakini inapofika mbele ya Pemba bado ipo ya kutosha. Hilo ndilo jibu la mtoto. Bahari haikufa chini kwa sababu mbali sana na hapa kuna mahali maji ya juu yanazama, na ziwa halina mahali pake.

Ndugu zetu wenye jamaa Omani na Yemeni watauliza: mbona Bahari ya Sham na Ghuba zina chumvi nyingi zaidi, na zenyewe haziletei maji kilindi chetu? Zinaleta, ila hayafiki chini. Bahari ya Sham haina mito mikubwa inayoingia, na jua huikausha kiasi cha mita mbili za maji kwa mwaka, kwa hiyo chumvi yake hufika gramu 40 kwa kila kilo. Maji hayo hutoka chini chini kwenye mlango wa Babul Mandab, kwa wingi zaidi majira ya baridi ya huko. Kwa uzito, yanapotoka mlangoni yanakaribiana kabisa na yale ya sakafuni yaliyotoka Antaktika, pamoja na kuwa ni ya vuguvugu. Lakini yanapoteremka katika Ghuba ya Adeni yanakokota maji ya jirani, ambayo ni ya joto na mepesi, na kwa kila hatua yanapungua uzito. Hatimaye yanatulia katikati, mita 600 hadi 1,000 hivi, na huko yanasambaa kusini kufuata pwani ya Afrika. Ukiteremsha chombo cha kupimia mashariki ya pwani yetu unaweza kuyatambua: chumvi inapungua kadiri unavyoshuka, kisha katika kina hicho inaongezeka kidogo, kisha inapungua tena. Yale ya Antaktika yanafika chini kwa sababu yanayoyakokota njiani nayo ni baridi tayari.

Tabaka hilo la kati ndilo lenye oksijeni chache, wala si la chini kabisa. Anayefikiria kuwa kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi kupungua atashangaa: baharini kwetu inapungua, kisha inarudi kupanda. Tabaka la kati linapata hewa kidogo na mabaki mengi yanayoozea humo. La chini linapata hewa mpya kutoka kusini.

Maji yanayoingia lazima yatoke, la sivyo bonde lingejaa. Bahari ya Hindi imezibwa kaskazini na bara la Asia, haina ncha ya baridi upande huo, kwa hiyo haitengenezi maji ya sakafuni yenyewe. Yanayoingia kutoka kusini hupanda polepole, yanapata joto kidogo kwa kuchanganyika na ya juu yake, kisha yanarudi kusini katika tabaka la juu zaidi. Kinachoyapandisha si wepesi wake mwenyewe. Ni nguvu ya maji kujaa na kupwa, ambayo mabonde na milima ya sakafu huigeuza kuwa mawimbi ya ndani ya bahari, na zaidi huko kusini ni pepo za Bahari ya Kusini. Kwa hiyo anayesema kuwa baridi na chumvi pekee ndizo zinazoendesha mzunguko wote amesema nusu. Baridi na chumvi zinazamisha. Mwezi na upepo vinapandisha.

Wavuvi wasichanganye jambo hili na mkondo wanaoujua. Mkondo unaopita Unguja na Pemba kuelekea kaskazini, unaopata kasi wakati wa kusi na kupungua wakati wa kaskazi, unasukumwa na upepo, uko juu, na unaweza kuzidi mita moja kwa sekunde. Hiyo ni mara mia ya kasi ya maji ya kilindini tuliyoitaja. Wiki ya samaki wachache haitokani na Antaktika.

Tukirudi kwenye video. Nyingi kati ya hizo huonyesha mstari mkali kati ya maji ya rangi mbili, na zilizosambaa zaidi zilipigwa Alaska, mahali ambapo maji ya mito iliyobeba unga wa miamba kutoka kwenye barafu hukutana na bahari. Hata mdomo wa Rufiji, ng'ambo ya Mafia, una mstari kama huo wakati wa mvua. Mstari upo, lakini si kweli kuwa maji hayachanganyiki. Yanachanganyika, tena tumeona ushahidi wake: maji ya Bahari ya Sham yanaanza safari na gramu 40 za chumvi, na yakifika Mlango wa Msumbiji ni chini ya 35. Kinachochelewesha ni tofauti ya uzito, kama ule ukingo katika chupa ya rozela uliochukua saa nyingi kufifia. Ama maana ya aya za Suratul Furqaan na Suratur Rahmaan zinazotaja bahari mbili na kizuizi kati yake, hilo ni la vitabu vya tafsiri na mashekhe wake, na tunawanasihi wasomaji wasiifungamanishe aya na kipande cha video ambacho kesho mtu ataonyesha kilipigwa wapi na kinaonyesha nini.

Limebaki jambo moja ambalo baba wa Kitete hakuliuliza. Vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1990 katika bahari inayoizunguka Antaktika vimeonyesha kuwa maji ya sakafuni yamepata joto kidogo, katika sehemu kadhaa chumvi yake imepungua, na tabaka lake limekuwa jembamba. Sababu moja ni ile tuliyoieleza: barafu ya nchi kavu inayoyeyuka inamwaga maji matamu pale pale ambapo chumvi ndiyo inayoamua. Katika Ziwa Tanganyika vipimo vya karne iliyopita vinaonyesha maji ya juu yameongezeka joto kuliko ya chini, kuchanganyika kumepungua, na tabaka lenye oksijeni limepungua kina. Ziwa linaonyesha matokeo ndani ya maisha ya mtu mmoja kwa kuwa ni dogo. Baharini ni tofauti. Hewa inayopumuliwa leo na viumbe wa kilindi cha Pemba ilizama kabla ya misafara ya kwanza ya Waarabu kufika Tabora, na upungufu wa leo huko kusini, kama utaendelea, hautaonekana katika hewa hiyo ila kwa vizazi vya mbali sana baada ya mtoto aliyeuliza.